Gari Limeuzwa, Picha Bado Ipo

"Kaka, ile Axio nyeupe bado ipo?"

"Ilienda juzi, mkubwa. Lakini wewe njoo tu, nina nyingine kama hiyo."

Mazungumzo ya namna hii hupita kwenye simu za wauzaji wa magari kila siku, kuanzia yadi zilizopangana kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi hadi zile za Mombasa, karibu na bandari magari yanakoshushwa. Anayeuliza ameshaangalia picha zote, bei ameikariri, pengine ameshaomba ruhusa kazini na kukata tiketi ya matatu kutoka Kisii. Gari lenyewe limeshapata mwenyewe, ila mtandaoni lingali linang'aa, na bei iko pale pale chini yake.

Wanunuzi wengi huuita huo uongo wa wauzaji, na si mara zote wanakosea. Zipo yadi ambazo huacha kwa makusudi gari zuri la bei nafuu lililokwisha kuuzwa, liwe chambo cha kuvutia simu. Hata hivyo, mara nyingi zaidi chanzo si hila. Gari moja limetangazwa mahali saba au nane, kila mahali limeandikwa kwa mkono na mtu tofauti, na siku linapoondoka hakuna mahali hata pamoja panapopata habari. Yadi zilizotatua tatizo hili hazikuajiri watu wa kufuta matangazo. Zilibadilisha namna gari linavyoandikwa tangu siku ya kwanza, na mabadiliko hayo yakagusa kila kitu anachokiona mteja: vichujio vya kutafutia, picha, na hata fomu ya kuulizia mkopo.

Tuchukue gari moja la mfano: Toyota Axio ya petroli, injini ya sisi 1,496, iliyosajiliwa Japani kwa mara ya kwanza Machi 2019. Kabla haijafika Nairobi ilinunuliwa mnadani Japani, ikakaguliwa, ikapakiwa melini na kusafiri kwa wiki kadhaa hadi Mombasa. Kila kituo kiliipa namba yake. Mnada una namba ya zabuni, kampuni ya kuuza nje ina namba ya stoki, wakala wa forodha ana namba ya faili, na yadi nayo ina karatasi yake ya kubandika kwenye kioo. Katika safari hiyo yote namba moja tu haikubadilika, nayo ni ya chesisi. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani lenyewe hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 inayotumika Ulaya na Marekani. Yana msimbo mfupi wa modeli, kistari, kisha tarakimu. Ya Axio hii inaanza na NRE161, na fundi akiuona msimbo huo anajua papo hapo kwamba si haibridi, kwa kuwa Axio ya haibridi huanza na NKE165.

Namba hiyo ndiyo inayofaa kuwa ufunguo wa rekodi. Nyuma ya ukurasa wa yadi, ule wenye picha na bei, kuna jedwali lenye mstari mmoja kwa kila gari, na mfumo ukikataa chesisi ile ile isiingizwe mara mbili, basi gari moja haliwezi kuwa na maisha mawili mtandaoni. Mteja mwenyewe huonyeshwa namba fupi ya stoki tu. Chesisi kamili hubaki ndani, na kwa sababu nzuri: namba ya kweli pamoja na picha za kweli ni mtaji tosha kwa mtu anayetaka kutengeneza karatasi za bandia.

Baada ya ufunguo zinakuja safu za jedwali: chapa, modeli, bei, kilomita, ukubwa wa injini, gia, mafuta, tarehe. Hapa ndipo vichujio hufa au hupona. Mnunuzi akibonyeza "Toyota", "hadi shilingi 1,700,000", "hadi sisi 1,500" na "otomatiki", kompyuta hupita mstari kwa mstari ikiuliza maswali hayo manne. Haifikirii wala haikisii. Ikiwa muuzaji mmoja ameandika injini "1500cc", wa pili "1.5" na wa tatu "1,496", magari matatu yanayofanana yatajibu swali lile lile kwa njia tatu, na mawili kati yake huenda yasionekane kabisa.

Bei ina mtego wake. Safu ya bei ikihifadhiwa kama maandishi, siyo kama namba, kompyuta huipanga kwa kuangalia tarakimu ya kwanza, kama kamusi inavyopanga maneno. Mteja anayeomba orodha kuanzia bei ya chini ataona gari la 1,600,000 likitangulia Demio ya 900,000, kwa kuwa moja huja kabla ya tisa. Ukiona jambo hilo kwenye tovuti ya yadi yoyote, ujue hata kichujio cha "hadi shilingi milioni moja" hakiaminiki. Na yule muuzaji anayependa kuandika "1.6M maelewano" kwenye nafasi ya bei ametoa gari lake sokoni bila kujua. Maelewano yanahitaji safu yake ya ndiyo au hapana.

Kosa lililo gumu kulitambua ni lile la nafasi tupu. Karani akisahau kujaza gia, Axio itaendelea kuoneka kwa mtu anayepitia magari yote, lakini itapotea mara tu mtu akichagua "otomatiki". Gari lipo yadi, limeoshwa, tairi zimepakwa rangi, na hakuna anayelipigia simu. Meneja mwenye jicho hulikamata kwa hesabu rahisi. Kama yadi ina magari 64, na kichujio kinaonyesha otomatiki 51 na gia za mkono 9, basi magari manne hayana gia. Vichujio vilivyotengenezwa vizuri huandika idadi hiyo pembeni ya kila chaguo, na faida yake kwa mwenye yadi ni kubwa kuliko kwa mteja.

Kisha kuna suala la mwaka, ambalo Afrika Mashariki lina uzito wa kipekee. Gari lililotumika huwa na tarehe tatu: ya kutengenezwa, ya kusajiliwa mara ya kwanza lilikotoka, na ya kusajiliwa hapa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Shirika la Viwango la Kenya huhesabu miaka hiyo kutoka usajili wa kwanza ng'ambo. Mwaka 2025, kwa mfano, mpaka ulikuwa magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2018. Tanzania haina katazo la namna hiyo, lakini gari likizeeka kodi yake hupanda, na kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato kilichopo mtandaoni huuliza mwaka wa kutengenezwa. Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Kwa hiyo gari lililotengenezwa mwishoni mwa 2018 na kusajiliwa mapema 2019 lina "mwaka" mmoja kwa mnunuzi wa Mombasa na mwingine kwa mnunuzi wa Dar es Salaam. Tovuti yenye safu moja tu iliyoandikwa "mwaka" itamdanganya mmoja wao, hata kama hakuna aliyekusudia. Kampuni kubwa za Japani zinazouza moja kwa moja kwa wateja wa huku, kama Be Forward na SBT, humtaka mteja achague nchi na bandari, ndipo zimpe bei ya jumla pamoja na nauli ya meli.

Majina nayo hubadilika. Toyota iliacha jina la Vitz nchini Japani mwaka 2020 na gari lililolirithi likaitwa Yaris, lakini mitaani watu wataendelea kutafuta Vitz kwa miaka mingi. Land Cruiser huandikwa kwa namna nne au tano. Dawa ni kumnyima karani kalamu: achague jina kutoka orodha iliyofungwa, halafu mfumo ndio ubebe majina mengine ambayo mteja anaweza kuyaandika.

Picha ndizo zinazomfanya mtu asafiri, kwa hiyo zinastahili utaratibu wake. Yadi iliyozoea kazi hii hupiga seti ile ile kwa kila gari, picha 20 hivi, na kila picha ina nafasi yenye jina. Ya kwanza ni mbele kwa pembeni, upande wa dereva, gari likiwa nje ya kivuli. Zinafuata nyuma, ubavu, viti, dashibodi, buti, injini, tairi nne. Nafasi zikiwa na majina, haijalishi picha zimepakiwa kwa mpangilio gani. Zisipokuwa nayo, mfumo hufuata ile iliyoingia kwanza, na gari la milioni moja na nusu likajitambulisha kwa wateja kwa picha ya bomba la moshi.

Mnunuzi makini hutafuta picha ambazo muuzaji huzikwepa. Dashibodi ipigwe injini ikiwa inanguruma, kilomita zisomeke na taa za onyo zionekane kwamba zimezimika zenyewe. Zulia la buti liinuliwe hadi lilipo gurudumu la akiba, kwa sababu gari lililogongwa nyuma na kunyooshwa huonyesha mikunjo na maungio mapya ya bati hapo chini, hata rangi ya nje ikiwa safi. Vichwa vya nati zinazoshika mabawa ya mbele navyo vipigwe kwa karibu. Rangi iliyokwaruzika pale ina maana kwamba bawa lilifunguliwa. Pamoja na hizo, picha ya karatasi ya mnada ina thamani yake. Wakaguzi wa minada ya Japani hulipa gari alama, na 4 au 4.5 ni gari lililotunzwa vizuri, ilhali herufi R huashiria gari lililowahi kutengenezwa baada ya ajali. Gari la R si lazima liwe baya. Baya ni kuliuza kwa bei ya lililopata 4.

Kwenye yadi yenye Axio nyeupe tatu zilizopangwa pamoja, kuchanganya picha ni jambo rahisi kuliko kutochanganya. Wapo wapiga picha wenye ujanja mdogo unaomaliza tatizo: kabla ya seti mpya hupiga kwanza ile karatasi ya kioo yenye namba ya stoki. Picha hiyo haichapishwi, kazi yake ni kuwa ukuta kati ya gari moja na lingine. Mchanganyiko ukitokea hata hivyo, mteja anaweza kuubaini kwa kulinganisha kilomita za kwenye dashibodi na zile za kwenye maelezo. Zikiachana, mojawapo ni ya gari jingine.

Uzito wa picha ni hesabu ambayo wenye yadi wengi hawajawahi kuipiga. Simu ya kisasa hutoa picha ya megabaiti nne au zaidi. Picha 22 za namna hiyo ni karibu megabaiti 90, na anayezilipia ni mteja aliyenunua bando la siku. Zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,600 na kubanwa, kila moja hushuka hadi kilobaiti 200 hivi, na seti nzima haizidi megabaiti tano bila jicho kuona tofauti yoyote kwenye kioo cha simu. Kazi hiyo hufanywa na seva yenyewe picha inapopakiwa. Seva hiyo hiyo hufuta taarifa zilizofichwa ndani ya picha, zikiwemo majira ya mahali ilipopigiwa, jambo la muhimu pale yadi inapouza gari la mtu binafsi lililopigwa picha nyumbani kwake. Pia huweka jina la yadi juu ya kila picha, kwa sababu madalali huzikopa bila kuomba.

Chini ya picha na bei kuna kitufe kinachobonyezwa na wengi kuliko wanaofika yadi: ulizia mkopo. Wanunuzi wa fedha taslimu wapo, lakini kwa mwalimu au muuguzi swali la kweli si bei ya gari, ni kiasi kitakachokatwa kila mwezi. Na hapa ukurasa unaweza kumsaidia mtu au kumzamisha, kutegemea namna hesabu ilivyoandikwa.

Axio yetu tuseme inauzwa shilingi 1,600,000 za Kenya. Mteja anatoa asilimia 40, yaani 640,000, na kubaki na deni la 960,000 kwa miezi 36. Riba ni asilimia 16 kwa mwaka. Benki ikitoza riba juu ya salio linalopungua, mteja atalipa takriban 33,750 kwa mwezi, na mwisho wa safari riba yote itakuwa kama 255,000. Sasa chukua mkopo wa yadi wenye asilimia 16 hiyo hiyo, lakini riba inakokotolewa juu ya deni la mwanzo hadi mwezi wa mwisho, kana kwamba mteja hajawahi kulipa hata senti. Riba ya mwaka ni 153,600, ya miaka mitatu ni 460,800. Ongeza deni, gawanya kwa 36, na malipo ya mwezi yanakuwa 39,467. Tofauti ni zaidi ya shilingi 5,700 kila mwezi, au zaidi ya laki mbili kwa mkopo mzima, na matangazo yote mawili yanasema asilimia 16.

Kikokotoo cha mkopo kinachofaa kuaminiwa huandika maneno "juu ya salio linalopungua" pale pale penye asilimia, na huonyesha jumla ya fedha zitakazolipwa, si ya mwezi peke yake. Kikionyesha ya mwezi tu, mteja azidishe mwenyewe kwa idadi ya miezi, atoe deni, aone kilichobaki. Gharama nyingine haziingii kwenye kikokotoo kirahisi: gari la mkopo kwa kawaida hutakiwa kuwa na bima kubwa kwa muda wote wa deni, mara nyingi huwekewa kifaa cha kulifuatilia, na kitabu chake husajiliwa kwa majina ya benki na mnunuzi pamoja hadi deni liishe.

Fomu yenyewe iwe fupi. Jina, namba ya simu, kiasi cha malipo ya awali, miezi anayoitaka, na kama ameajiriwa au anajiajiri. Hizo zinatosha kwa afisa wa mkopo kupiga simu na kusema kama inawezekana. Fomu inayodai nakala ya kitambulisho, namba ya kodi na karatasi za mshahara kabla mtu hajaliona gari inakusanya vitu ambavyo yadi haina haja navyo wala uwezo wa kuvilinda. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na Tanzania ilipitisha ya kwake mwaka 2022. Zote zinamtaka anayekusanya taarifa za watu achukue zile tu anazozihitaji kwa kazi aliyoitaja.

Kitu kimoja hakionekani kwenye fomu lakini ndicho kinachoifanya iwe na maana: namba ya stoki ya gari lile hubebwa kimyakimya pamoja na ombi. Bila hiyo, afisa anapokea ujumbe wa "nataka mkopo wa Axio" na kuanza kuuliza ni ipi. Nayo ikiwepo, mfumo unajua watu wangapi wanaisubiri Axio hiyo hasa, na unaweza kuwapa habari wote siku inapoondoka.

Swali la lini gari limeuzwa linaonekana jepesi hadi uwaulize watu watatu wa yadi moja. Muuzaji atasema limeuzwa mteja alipotoa arbuni. Mhasibu atasema fedha zote zilipoingia benki. Karani wa nyaraka atasema umiliki ulipohamishwa. Kila mmoja ana haki, na kwa sababu hiyo alama moja ya "lipo" au "limeuzwa" haitoshi. Mifumo inayofanya kazi huwa na hali kama tano: njiani, lipo, limeshikwa, limeuzwa, limekabidhiwa. Gari likiwa "njiani" tayari linaonekana mtandaoni na tarehe ya meli, ingawa picha zake bado ni za Japani na ukurasa unapaswa kusema hivyo.

Siku ya Axio yetu ingekwenda namna hii. Jumamosi saa tano na dakika ishirini asubuhi mteja anatoa arbuni ya shilingi 50,000. Muuzaji, akiwa bado amesimama kando ya gari, anabonyeza "limeshikwa" kwenye simu yake. Kwa dakika chache kibandiko kinaonekana kwenye ukurasa, fomu ya mkopo ya gari hilo inafungwa, na saa ya masaa 48 inaanza kuhesabu. Watu wawili waliokuwa wameulizia wanapata ujumbe kwamba gari limeshikwa na kwamba wataarifiwa likirudi. Jumatatu asubuhi salio linaingia benki. Muuzaji hana uwezo wa kubonyeza "limeuzwa"; kitufe hicho ni cha mhasibu, anayeona fedha. Akikibonyeza, gari linatoka kwenye vichujio na idadi zake, na habari inatumwa kwenye tovuti nyingine zote ambako yadi inatangaza. Kama Jumatatu ingepita bila fedha, saa ingeisha na gari lingerudi kuwa "lipo" bila mtu kugusa chochote.

Saa hiyo ya kuhesabu ndiyo inayozuia ugomvi mbaya kuliko wote wa yadi, wa arbuni mbili kwa gari moja. Muuzaji wa pili, aliye na mteja wake upande wa pili wa uwanja, anaona kitufe cha "limeshikwa" kimeshabonyezwa na hawezi kukibonyeza tena. Lakini hayo yote yanategemea kidole cha yule wa kwanza. Yadi inayongoja kuingiza mauzo jioni, kutoka kwenye daftari, ina mfumo wa kisasa wenye taarifa za jana.

Kuzipelekea tovuti nyingine habari kuna hatari ambayo mafundi huijua kwa machungu. Njia iliyozoeleka ni kutuma faili moja kila saa lenye magari yote yaliyopo, na kanuni kwamba lisilokuwemo limeuzwa. Kanuni hiyo ni safi hadi siku umeme unapokatika katikati ya kuandika faili. Faili linafika likiwa tupu, tovuti inayolipokea inasoma kwamba yadi imeuza magari yote 64 kwa mpigo, na inayafuta na picha zake. Kinga yake ni ndogo: kabla ya kufuta chochote, linganisha idadi mpya na ya awali, na ikiwa imeshuka kwa zaidi ya, tuseme, robo, simamisha kazi na mpigie mtu simu. Iliyo bora zaidi ni kutotegemea ukimya kabisa, bali kila gari lililouzwa litajwe kwa namba na hali yake.

Nini kiwe cha ukurasa wenyewe? Kuufuta papo hapo si busara, maana yule wa Kisii ana kiungo chake kwenye ujumbe wa jana na atakutana na hitilafu isiyomweleza kitu. Kumrusha kwenye ukurasa wa mwanzo ni kubaya zaidi. Atadhani amekosea njia. Yadi nzuri huuacha kwa wiki mbili hivi ukiwa na neno "Limeuzwa" kubwa juu ya picha, bei ikiwa imeondolewa, na chini yake magari matatu yanayokaribiana nalo kwa bei na injini. Baada ya hapo seva hujibu kwa namba 410, inayoziambia injini za kutafutia kama Google kwamba kitu hiki kimeondolewa moja kwa moja, tofauti na 404 inayosema tu kwamba hakipatikani.

Wengi husahau picha. Ukurasa unaweza kuwa umekufa huku kila picha ikiendelea kufunguka kwa anuani yake yenyewe, na seti kamili ya picha 22 za gari la kweli ndiyo malighafi ya matapeli wanaotangaza gari wasilokuwa nalo kwa bei ya kutupa na kuomba "arbuni ndogo ya kulishika". Kwa hiyo picha huhamishwa kutoka hadharani hadi kwenye hifadhi ya ndani, ambako yadi huzihitaji bado mteja akirudi baada ya mwezi kudai kwamba mkwaruzo wa mlango haukuwepo.

Nje ya hapo mfumo hauna mkono. Picha ambazo dalali alizihifadhi kwenye simu yake na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp hazijui kwamba mhasibu amebonyeza kitufe. Tangazo lililoandikwa kwa mkono katika kundi la Facebook hubaki hadi aliyeliandika alikumbuke. Yadi kadhaa zimeacha kuwapa madalali picha, na badala yake huwapa kiungo cha ukurasa wa gari. Dalali anapata kamisheni yake vile vile kwa kuwa kiungo kina namba yake, na mteja anayekifungua Jumatatu mchana anakuta hali ya gari ya Jumatatu mchana.